Jicho limekuwa jekundu ghafla, linauma mno, na taa zina duara za rangi: tungoje kliniki ya Jumatatu?

Mlango_wa_Duka (Luanda, Vihiga)
Jumamosi, saa 2:41 usiku

Wadau hamjambo. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua mambo ya macho. Mama yangu ana miaka 66. Leo mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni alikuwa jikoni, taa ni ile ndogo ya sola, akaanza kusema jicho la kulia linamuuma. Tukadhani ni moshi. Kufika saa moja na nusu maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwenye paji la uso na upande mzima wa kichwa, ametapika mara mbili, na jicho limeiva. Akitazama balbu ya sebuleni anaiona imezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, na sura zetu anaziona kama zimo ndani ya ukungu. Hakuna kilichomwingia jichoni wala hakugongwa. Hana homa. Jicho la kushoto liko salama.

Ana presha na anameza dawa kila siku. Tangu juzi alikuwa na mafua, tukamnunulia vidonge vya mafua. Jirani ametuletea chupa ya matone aliyobakiwa nayo. Tumtie hayo halafu twende kliniki Jumatatu?

Mpita_Majengo
saa 2:48 usiku

Pole sana ndugu. Kwa mtu mwenye presha, hiyo ni presha imepanda ikapasua kamshipa ndani ya jicho. Mwongezee kidonge kimoja cha presha alale, asubuhi utamkuta sawa. Na usitishwe na mtu akikwambia ni glakoma. Glakoma haiumi hata kidogo, hula macho kimyakimya miaka na miaka.

TaaNaMboni (afisa wa kliniki wa macho, Kisumu)
saa 2:53 usiku

Mlango_wa_Duka, usingoje Jumatatu, na usingoje hata kesho. Nikisoma ulivyoeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba presha ya ndani ya jicho imepanda ghafla. Jicho la namna hii linahesabiwa kwa saa.

Chukua tochi ya simu. Mulika jicho zima kwanza, kisha lile linalouma, utazame mboni, yaani lile duara jeusi la katikati. Mboni ya jicho zima itanywea mwanga ukiingia. Niambie ya jicho linalouma inafanya nini. Kisha afumbe macho yote mawili, umguse juu ya kope kwa ncha za vidole viwili vya shahada, polepole, bila kukandamiza. Linganisha kulia na kushoto.

Matone ya jirani yaache. Vidonge vya mafua asimeze tena. Kidonge cha pili cha presha usimpe, nitaeleza sababu baadaye. Usimfunge jicho kwa kitambaa wala usimzimie taa. Alale chali kwenye mwanga huku mkitafuta gari.

Mlango_wa_Duka
saa 3:02 usiku

Nimemulika. Ya kushoto imenywea upesi. Ya kulia haisogei kabisa. Ni kubwa kuliko ya kushoto, na si duara kamili, imerefuka kidogo kwenda juu kama yai. Ile sehemu nyeusi haing'ai, ni kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Na kwa kugusa, la kushoto linabonyea kidogo kama ncha ya pua. La kulia ni gumu kama paji la uso.

TaaNaMboni
saa 3:05 usiku

Basi ondokeni sasa hivi. Nendeni hospitali kubwa iliyo karibu yenye daktari wa zamu, hata kama mtaalamu wa macho hayupo usiku, kwa sababu dawa za mwanzo zinaweza kutolewa na daktari yeyote. Kutoka Luanda unaweza kwenda Mbale au kushuka Kisumu, chagua gari litakapokufikisha mapema. Piga simu njiani uulize kama wana asetazolamidi na manitoli. Tafuteni gari, si boda, maana anatapika, kisha mlaze kiti kiende nyuma kabisa, uso ukitazama juu.

Mkifika mezani usianze na kutapika wala kichwa. Ukianza hivyo atapimwa malaria na kutundikiwa dripu, na saa tatu zitakuwa zimekwisha. Sema hivi: "Jicho moja, ghafla, jekundu, linauma, haoni vizuri, mboni haisogei, jicho ni gumu." Waambie pia kuhusu presha, dawa za mafua, na kama ana pumu, ugonjwa wa figo, au mzio wa dawa za salfa.

Mlango_wa_Duka
saa 3:09 usiku

Gari la jirani limepatikana. Hana pumu. Tunaondoka.

Mama_Wawili (Kiboswa)
saa 3:20 usiku

Hata mimi mwanangu wa miaka sita ana macho mekundu tangu Alhamisi, yote mawili, asubuhi yanaamka yamegandana na utongo. Kumbe ni hatari hivi? Nimwamshe tuende usiku huu?

TaaNaMboni
saa 3:31 usiku

La, mama, acha alale. Macho mawili, utongo wa kugandisha kope, haoni ukungu wala hapigi kelele ya maumivu: hayo ni macho mekundu ya kuambukizana. Safisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho pamba yake, na taulo lake liwe peke yake. Kesho mpeleke akaonwe kwa utaratibu wa kawaida. Ila mulika tochi: ukiona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au mtoto anakimbia mwanga na kufumba kwa nguvu, usikae naye nyumbani.

Kinachomtofautisha mama wa Luanda hakiko kwenye wekundu. Ni kwamba jicho ni moja, lilianza kwa saa si kwa siku, halina utongo, uoni umeshuka, na mboni imekwama.

Famasi_Milimani (Nakuru)
saa 4:10 usiku

Naongeza neno kwa upande wa duka la dawa, maana wengi huanzia kwetu. Matone yanayobaki nyumbani mara nyingi ni mchanganyiko wa antibayotiki na steroidi. Yanapunguza wekundu, mtu anadhani anapona, na presha ndani haijashuka. Chupa nyingine ni za kupanua mboni, alizopewa mtu baada ya upasuaji au kwa ugonjwa mwingine. Hizo ukimtia mama huyu umelifunga jicho zaidi.

Vidonge vya mafua vimehusika sana hapa. Klofenamini, ile ya manjano inayoleta usingizi, na dawa za kufungua pua huilegeza mboni ipanuke. Amitriptilini hufanya vivyo hivyo. Na hayosini, sindano ya msokoto wa tumbo, ndiyo inayonisikitisha zaidi: mgonjwa anafika akitapika, anadhaniwa ni tumbo, anachomwa dawa inayopanua mboni, anarudishwa nyumbani.

Mpita_Majengo
saa 4:22 usiku

Sasa nyinyi mnasema presha, nami nilisema presha. Tofauti iko wapi? Na je, nilikosea kusema glakoma haiumi? Kwenye kambi ya macho tuliambiwa hivyo hivyo.

TaaNaMboni
Jumapili, saa 1:15 asubuhi

Ulichoambiwa kambini ni kweli kwa ile glakoma iliyo nyingi kwetu, ambayo mfereji uko wazi lakini unatoa maji polepole. Hiyo haiumi, na watu huja wakiwa wamebakiwa na tundu dogo la kuonea. Hii ni ndugu yake, ambayo mfereji umefungwa ghafla kama mlango. Hii inauma kiasi cha kumfanya mtu mzima alie.

Na presha mbili hizi ni vitu viwili. Presha ya mkononi ni nguvu ya damu kwenye mishipa. Presha ya jicho ni nguvu ya maji yaliyomo ndani ya jicho. Simaanishi machozi, machozi yako nje. Haya hutengenezwa nyuma ya lile pazia la kahawia linalozunguka mboni. Yanapenya kati ya pazia na lenzi, yanatokea kwenye mboni kuja mbele, kisha yanachujwa kwenye kona, pale pazia linapokutana na ukuta wa jicho. Ni maji machache sana, siku nzima hayajazi kijiko cha chai. Lakini jicho ni chombo kilichofungwa na ukuta wake haunyumbuki. Kinachoingia lazima kitoke.

Lenzi hukua maisha yote. Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi imekuwa nene, na kama jicho lenyewe ni fupi tangu kuzaliwa, nafasi ya mbele inabaki finyu. Mboni ikiwa imepanuka nusu, kama jikoni penye taa hafifu, ukingo wa pazia unaganda juu ya lenzi. Maji hayapiti tena kuja mbele. Yanajaa nyuma, pazia linatuna kwenda mbele kama tanga la ngalawa lililoshika upepo, na likituna linaifunika ile kona ya kutokea. Sasa hayapiti mboni na hayatoki konani, na tezi inaendelea kuyatengeneza vilevile.

Jicho la kawaida lina presha ya milimita 10 hadi 21 za zebaki. Katika hali hii hufika 40, 50, hata 70. Kioo cha mbele kinafyonza maji na kuvimba. Ukungu unatoka hapo, na zile duara pia: matone madogo ndani ya ngozi ya kioo yanaupasua mwanga, bluu ndani na nyekundu nje. Kisha inakuja hatari yenyewe. Damu inayolisha mshipa wa fahamu wa jicho lazima iingie ikishindana na presha iliyo ndani. Jicho likiwa 60, damu inaingia kwa shida, na mshipa unaanza kufa njaa. Ndiyo maana nilikataa kidonge cha pili cha presha. Ukiishusha damu ghafla wakati jicho liko juu, umelinyima hata kile kidogo kilichokuwa kikiingia. Dawa yake ya kila siku aendelee nayo kwa saa yake, asiiongeze.

Na kila saa pazia linapokaa limebanwa kwenye kona, linazidi kugandamana nayo. Likishikana kwa kovu, hata presha ikishuka leo, mfereji haufunguki wote tena.

Mlango_wa_Duka
Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Wadau, asanteni. Tulifika kabla ya saa nne na nusu usiku. Mezani walitaka kumpima malaria, nikarudia yale maneno yako, daktari akaitwa. Nimenakili karatasi:

Saa 4:50: jicho la kulia 58, la kushoto 16. La kulia anahesabu vidole mita 1. Asetazolamidi miligramu 500 kwa mshipa. Timololi tone 1, steroidi tone 1. Sindano ya kutapika na ya maumivu.
Saa 5:50: 51. Manitoli asilimia 20, mililita 300 kwa dakika 45.
Saa 7:20: 33. Pilokapini asilimia 2, tone 1, likarudiwa baada ya dakika 15.
Saa 12:00 asubuhi: 18.

Maumivu yameisha. Mboni imekuwa ndogo sana. Usiku kucha alikuwa akienda haja ndogo. Je, amepona? Mbona wanasema lazima aende kwa mtaalamu kesho, na jicho la kushoto pia litobolewe kwa leza ilhali haliumwi?

TaaNaMboni
Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Mungu ashukuriwe, na pongezi kwa hao wa zamu, wameifanya kwa mpangilio. Nieleze kilichofanyika, kwa kuwa mwingine atasoma uzi huu usiku kama ule.

Asetazolamidi inaifunga bomba ile tezi inayotengeneza maji. Alipewa kwa mshipa kwa sababu anatapika, kidonge kingetoka nacho. Ikiwa hakuna sindano na mtu hatapiki, ni vidonge viwili vya miligramu 250 kwa pamoja, vile vya kawaida, si vya kuachia polepole. Timololi inasaidia kazi hiyohiyo, ila mwenye pumu au moyo unaopiga polepole hatiwi. Steroidi hapa ina kazi yake, kutuliza uvimbe wa pazia, lakini inakwenda pamoja na dawa za kushusha, si peke yake kama chupa ya jirani.

Baada ya saa nzima ilikuwa bado 51, wakaenda manitoli. Hii huvuta maji kutoka mwilini, jichoni pia, na kuyapeleka kwenye mkojo. Gramu 1 kwa kila kilo ya uzito: mama wa kilo 60 ni gramu 60, na katika dripu ya asilimia 20 hizo ni mililita 300. Hesabu yao inakubali. Kwa mtu mwenye moyo dhaifu au figo mbovu dripu hiyo inaweza kumjaza maji kifuani, ndiyo sababu inatolewa hospitali huku anapimwa.

Tazama pilokapini ilivyongoja hadi 33. Kazi yake ni kuinywesha mboni ili ivute pazia litoke konani. Presha ikiwa 50 na zaidi, msuli wa mboni umenyimwa damu, haujibu. Unaweza kumwaga chupa nzima usione kitu, na kuna mashaka kwamba inaisogeza lenzi mbele ikafunga zaidi. Kwa hiyo shusha kwanza, kisha tia.

Hajapona. Presha imeshuka, lakini umbo la jicho ni lilelile. Leza inatoboa kitundu kidogo pembeni mwa pazia, kwa juu, kinachofunikwa na kope. Maji yanapata njia ya mkato kutoka nyuma kuja mbele bila kupitia mboni, na pazia halitatuna tena. Ni kazi ya dakika chache, akiwa ameketi, kwa tone la ganzi. Wanangoja siku moja au mbili kioo kisafike, kwa kuwa leza haipenyi vizuri kwenye ukungu. Na la kushoto lina ufinyu uleule. Bila leza, karibu nusu ya watu hupatwa na jicho la pili ndani ya miaka michache.

Famasi_Milimani
Jumapili, saa 4:52 asubuhi

Hapo kwenye asetazolamidi, kwa watu wa huko magharibi kuna jambo la kuuliza kila mara: selimundu. Dawa hii inaongeza asidi kwenye damu, na asidi inazipinda chembe. Mwenye selimundu amwambie daktari kabla hajachomwa. Wengine wote wajue watasikia ganzi kama sisimizi kwenye vidole na midomoni, na soda itabadilika ladha. Hiyo isiwatishe. Upele au ngozi kubabuka, hapo acha na urudi hospitali.

Dereva_wa_Kericho
Jumapili, saa 6:05 mchana

Nimesoma hadi mwisho nikaacha chakula. Nina miaka 52, naendesha usiku kati ya Nakuru na Kisumu. Kuna siku, mara mbili tatu kwa mwezi, taa za magari yanayokuja naziona na duara za rangi, jicho la kushoto, na juu ya nyusi panauma kidogo. Nikifika nikalala, asubuhi sina kitu. Mwaka huu nilipimwa presha ya macho mchana, ikawa 17, nikaambiwa niko salama. Sasa ni uchovu au ni haya?

TaaNaMboni
Jumapili, saa 6:40 mchana

Dereva, nakuomba usiweke hili chini ya uchovu. Duara zinazokuja na kuondoka, jicho moja, gizani, pamoja na kuuma kwa nyusi, ni mlango unaojifunga nusu na kujifungua. Ukilala mboni inanywea, kona inafunguka, na mchana ukipimwa unapata 17. Kipimo ni cha kweli kwa saa ile tu. Hakikuambii kona ilikuwaje saa nne usiku.

Kuna jambo unaweza kujitazama, ingawa halimalizi neno. Mtu asimame pembeni yako amulike tochi kutoka upande wa sikio, mwanga ukipita sambamba na uso. Kama nafasi ya mbele ni pana, pazia lote linawaka, upande wa sikio na upande wa pua. Kama ni finyu, pazia limetuna, na ule upande wa pua unabaki kwenye kivuli. Kivuli kikiwepo, wahi. Kisipokuwepo, bado nenda, kwa sababu tochi hukosea.

Kliniki usiombe kupimwa presha pekee. Sema unataka kona ya jicho itazamwe kwa kile kioo kinachowekwa juu ya jicho baada ya ganzi. Na uwaambie kuhusu duara kabla hawajakutia matone ya kupanua mboni. Ukiwa barabarani zikikujia, simama pembeni, washa taa ya ndani. Zisipoondoka, au maumivu yakipanda, usiendelee na safari, tafuta hospitali.

Mwalimu_Mstaafu (Bondo)
Jumapili, saa 10:20 jioni

Ndugu wataalamu, shikamooni kwa kazi. Hapa kwetu kuna nyanya wa miaka 78 mwenye mtoto wa jicho wa muda mrefu, alikataa upasuaji. Mboni yake ni nyeupe pe. Tangu jana jicho hilo limekuwa jekundu na linamuuma kichwa chote. Yeye haoni duara zozote, maana jicho hilo halioni ila mwanga. Naye ni wa leza hii?

TaaNaMboni
Jumapili, saa 10:44 jioni

Marahaba, Mwalimu, ingawa kwa umri wako ni mimi niliyepaswa kuanza. Nyanya ni wa leo pia, msingoje. Mtoto wa jicho aliyeachwa akaiva hunyonya maji na kuvimba, lenzi yenyewe inalisukuma pazia na kuifunga kona. Au inavuja, na mabaki yake yanaziba kichujio. Duara hazitakuwepo kwa sababu hakuna uoni wa kuzionea, basi msizitafute. Maumivu, wekundu na ugumu vinatosha.

Dawa za kushusha presha ni zilezile, lakini pilokapini si yake na kitundu cha leza mara nyingi hakitoshi, kwa kuwa tatizo ni lenzi nzima. Atatolewa lenzi presha ikishatulia. Kama bado anaona mwanga na anajua unatoka upande gani, kuna cha kuokoa. Jaribuni hilo: mulikeni kutoka pande nne, jicho la pili likiwa limefunikwa, aelekeze kwa kidole. Mwambieni daktari alivyojibu.

Kisu_Chembamba (mpasuaji wa macho, Eldoret)
Jumapili, saa 1:30 usiku

Nakubaliana na karibu yote, ila nina hoja kuhusu mama wa Luanda. Ana miaka 66 na lenzi nene. Kwa nini tutoboe leo, halafu miaka mitatu baadaye turudi kumtoa mtoto wa jicho? Lenzi ikitolewa na kuwekwa ya bandia nyembamba, kona inafunguka kuliko kitundu chochote cha leza. Kwangu mimi angekwenda moja kwa moja.

TaaNaMboni
Jumapili, saa 2:05 usiku

Daktari, hoja yako ina nguvu, na kwa jicho lililotulia sina pingamizi. Lakini hili la kulia lilikuwa 58 jana. Kioo bado kimevimba, nafasi ya mbele ni finyu, pazia limelegea. Upasuaji wa jicho la namna hiyo ni mgumu hata kwa mkono mzuri. Leza inampa usalama wiki hii, lenzi tutaijadili wiki ya sita. Tena kwa jicho la kushoto, ambalo lenzi yake bado inaona vizuri, ningeanza na leza.

Kisu_Chembamba
Jumapili, saa 2:18 usiku

Kwa la kushoto tuko pamoja. Kwa la kulia nisingengoja hadi wiki ya sita. Tuliache hapo, aliyemshika mkononi ndiye anayeona kona.

Mlango_wa_Duka
Jumanne, saa 9:30 alasiri

Mama ametobolewa macho yote mawili leo. Walimtia pilokapini kwanza, kisha tone la ganzi, kila jicho halikuchukua dakika kumi. Wakampima tena baada ya saa moja: kulia 17, kushoto 14. La kulia sasa anasoma 6/18. Wametupa matone ya steroidi mara nne kwa siku kwa wiki moja, na tarehe ya kurudi ni Jumanne ijayo. Mtaalamu alitazama kona, akasema upande wa chini imeshikana kidogo, atapimwa presha kila mara. Anauliza swali moja: anaona mstari mwembamba wa mwanga chini ya jicho la kushoto akitazama dirishani. Ni kawaida?

TaaNaMboni
Jumanne, saa 10:12 jioni

Ni mwanga unaopenya kwenye kitundu kipya, hasa pale kope na machozi vinapokigusa ukingo. Wengi huuzoea baada ya wiki chache. Siku ya kurudi kliniki aseme kama mstari huo bado upo. Ila jicho likianza kuuma au duara zikirudi kabla ya hapo, asingoje tarehe, hata kama kitundu kinaonekana, kwa sababu kinaweza kuziba.

Dereva_wa_Kericho
Jumanne, saa 2:50 usiku

Mke wangu amenimulika kama ulivyosema. Upande wa pua ni kivuli, macho yote mawili. Alhamisi nina nafasi kliniki Nakuru, safari za usiku nimempa mwenzangu.